Ubuyu wa Chumba Kimoja

Mpangaji wa Dar es Salaam akiuliza afanye biashara gani, majibu mengi huanzia kwenye mtaji. Una laki moja, uza maji baridi. Una laki tatu, nunua cherehani. Wanaojibu hivyo hawajakiangalia chumba chenyewe, na kwa mtu anayeishi, anayelala na anayepika ndani ya futi 10 kwa 10, chumba ndicho kinachoamua kabla ya fedha.

Nyumba nyingi za kupanga za Manzese, Tandika na Mbagala zina ramani inayofanana. Korido inapita katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, uani kuna choo, bafu na mahali pa kufulia. Mita ya LUKU ni moja na wapangaji wanaichangia. Ukuta kati yako na jirani haufiki darini katika baadhi ya nyumba, kwa hiyo akikohoa unamsikia. Katika nyumba ya namna hiyo, kero haiji kwa sauti peke yake. Umeme wako unapokula mchango wa wenzako ni kero. Wateja wanaogonga mlango saa tatu usiku ni kero, hata wakigonga taratibu. Ndoo kumi za maji asubuhi, wakati foleni ya bombani iko palepale, nazo ni kero. Halafu kuna swali ambalo watu hulisahau hadi siku ya kwanza: bidhaa italala wapi?

Ukizipima biashara zinazopendekezwa mara kwa mara kwa vipimo hivyo, nyingi zinaanguka mapema. Friji la kugandisha barafu linaweza kula uniti 40 kwa mwezi, na kwa mteja wa kawaida wa TANESCO uniti moja ikiwa karibu shilingi 350 pamoja na kodi, hizo ni shilingi 14,000 ambazo wenzako watataka kujua nani analipa. Cherehani ya mguu husikika vyumba vitatu mbele. Uyoga unafundishwa sana kwenye semina, lakini ukikomaa hutoa vumbi jepesi la vijimbegu hewani, na mtu anayelala nao chumba kimoja hukaribisha kikohozi na mzio. Ule unahitaji banda lake. Sabuni ya maji haina kelele, ila inataka maji mengi, ndoo kubwa na tindikali, na sishauri tindikali ikae uvunguni mwa kitanda anacholalia mtoto. Kufuma vitambaa vya makochi ni kimya kuliko vyote, lakini kazi ya siku nyingi huishia kwenye bei ambayo mnunuzi ataipunguza tena.

Baada ya mchujo huo, ninayoiona imekaa vizuri chumbani kuliko nyingine ni ubuyu wa kupika, ule wa rangi nyekundu wenye iliki na pilipili kwa mbali. Hauhitaji umeme. Jikoni unakaa muda mfupi. Maji yake ni vikombe vitatu na ya kuoshea vyombo. Harufu yake ni ya iliki na vanila, na haijawahi kugombanisha wapangaji. Ukiiva, bidhaa yote inaingia kwenye ndoo moja yenye mfuniko. Zaidi ya hapo, mteja hana sababu ya kuja mlangoni, kwa kuwa ubuyu hupelekwa dukani, ofisini au kijiweni ukiwa umefungwa.

Mambo mawili ndiyo yanayomwangusha mpikaji mpya, nayo ni shira na gramu. Nitayaeleza kwa fungu moja la upishi: kilo 2 za ubuyu kwa kilo 1 ya sukari.

Tuanze na ubuyu wenyewe. Mibuyu huzaa kwa wingi maeneo makavu kama Dodoma, Singida na Iringa, na matunda huvunwa zaidi wakati wa kiangazi, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Septemba ubuyu mpya hupatikana kwa urahisi masokoni. Dar es Salaam utaukuta Kariakoo, Tandale, Buguruni na masoko mengine yanayouza nafaka na viungo. Usinunue kwa kuutazama juu ya gunia tu. Ingiza mkono chini, toa konzi moja, ukandamize kisha ufungue kiganja. Ubuyu mzuri unaachana papo hapo na kubakiza unga mweupe mkononi. Ukibaki umeshikana kama tonge, umeshaingia unyevu. Rangi iwe nyeupe au ya maziwa. Ukiwa wa kahawia ni wa zamani au ulilowa. Unuse pia, kwa sababu ubuyu hunyonya harufu ya chochote kilichokaa karibu nao, na ule uliohifadhiwa pembeni ya sabuni au dagaa hauponi kwa iliki ya aina yoyote. Mwisho weka punje moja mdomoni. Uchachu uje haraka. Usipokuja, sukari itauzika kabisa na utakuwa unauza peremende yenye mbegu.

Ukifika nyumbani, chekecha. Nyuzi na vipande vya ganda vitoe, na ule unga laini unaoanguka chini ya chekeche uuchukue kikombe kimoja na kuuweka kando. Unga huo una kazi mwishoni.

Sasa shira. Kwenye sufuria kubwa weka vikombe vitatu vya maji, vile vya robo lita, kilo 1 ya sukari, kijiko kimoja cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, kijiko kimoja cha iliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chumvi, na pilipili ya unga kwa kadiri ya wateja wako. Koroga hadi sukari iyeyuke yote, kisha toa mwiko na uache ichemke yenyewe. Ukiendelea kukoroga shira inayochemka, sukari huanza kurudi kuwa chembe, na ubuyu wako utakuwa na mchanga wa sukari. Moto uwe wa wastani. Baada ya dakika 12 au 15 mapovu yatabadilika. Yale makubwa yanayopasuka haraka yatakuwa madogo na mazito. Hapo dondosha shira kidogo kwenye kisahani, subiri ipoe, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uachanishe vidole. Ikivuta uzi mfupi unaokatika, iko tayari. Waliozoea kupika kaimati watajua ninachosema, isipokuwa ya ubuyu huishia kabla kidogo ya kufikia uzito wa ile ya kaimati.

Epua. Hili ndilo tendo ambalo wengi hulikosea kwa sababu linaonekana dogo: ubuyu unaingia sufuria ikiwa chini, moto umezimwa. Tia vanila, subiri mapovu yatulie, ndipo umimine ubuyu kwa mafungu huku ukigeuza kwa mwiko, kutoka chini kuja juu, hadi kila punje ipate rangi. Una dakika chache kabla shira haijaanza kushika, kwa hiyo ubuyu uwe umeshapimwa na uko karibu.

Kwa nini moto uzimwe? Unga wa ubuyu una asidi, ndiyo inayoupa uchachu. Asidi ikikutana na sukari kwenye joto kali kwa muda mrefu, huivunja sukari kuwa sukari nyingine mbili nyepesi, na mojawapo hupenda sana kuvuta unyevu kutoka hewani. Ubuyu uliochemshwa na shira yake huonekana mzuri jioni hiyo, lakini baada ya siku tatu umelowa ndani ya kifuko, hasa Machi hadi Mei wakati wa masika. Sababu ya pili ni kwamba unga huo una pektini, ileile inayofanya jamu ya matunda igande. Pektini ikipata maji na moto huvimba na kuwa uji. Unga unaachia mbegu, mbegu zinabaki uchi, na sufuria nzima inakuwa uji mwekundu. Vilevile vitamini C, ambayo ubuyu unayo kwa wingi, hupungua kwa joto, ingawa sidhani kuna mteja wa ubuyu mwekundu anayeununua kwa ajili hiyo.

Kosa la shira unaliona mapema ukijua pa kutazama. Shira nyepesi hutuama chini ya sufuria baada ya kugeuza. Ukiinamisha sufuria, kuna kidimbwi. Usirudishe motoni. Nyunyiza ule unga uliouweka kando, geuza, tandaza na uache ukauke muda mrefu zaidi. Shira nzito huonekana kinyume chake: ubuyu unashikana mabonge upande mmoja na upande mwingine bado mweupe. Hapo vijiko viwili au vitatu vya maji ya moto, vikinyunyizwa huku unageuza haraka, vinaweza kuokoa. Shira iliyoungua haina dawa. Ladha ya uchungu itajificha kwenye uchachu unapoonja kidogo, kisha mteja ataipata akiwa katikati ya kifuko. Kilo moja ya sukari inauma kuimwaga, lakini mimina kabla ubuyu haujaingia ili usipoteze na ule.

Tandaza kwenye sinia pana mbili, tabaka jembamba, funika kwa kawa au chandarua safi na uache penye hewa. Kama shira ilikuwa sawa, ule unga wa kando unyunyize baada ya nusu saa, ubuyu ukiwa umeanza kukauka, ili punje zisigandane. Kisha uache ulale hadi asubuhi. Ukiufunga ukiwa na joto, mvuke utageuka matone ndani ya kifuko na ukungu utafuata. Ukiwa na wasiwasi, funga kifuko kimoja tu, kiweke sakafuni kwenye sementi ya baridi kwa saa moja, kisha kitazame kwenye mwanga. Ukiona ukungu wa maji kwa ndani, subiri.

Kuhusu rangi nasema kwa msisitizo. Rangi ya ukili na mikeka inauzwa bei nafuu, inakoleza sana, na wapo wanaoitia kwenye ubuyu. Ile haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Nunua rangi iliyo kwenye kifungashio chake, iliyoandikwa kuwa ni ya chakula na yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, hata kama muuzaji wa viungo anakupimia ya kwake kwenye karatasi kwa nusu bei. Wengi wa watakaokula ni watoto.

Moto wenyewe uwe wa gesi, ule mtungi mdogo wa kilo 6, na dirisha na mlango viwe wazi. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliolala. Kama nyumba ina nafasi uani, pika uani. Na shira inayochemka ni moto kuliko maji yanayochemka, tena hunata kwenye ngozi. Mtoto akae nje au kitandani mpaka sufuria itulie.

Tuje kwenye hesabu. Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo chukua hizi kama mfano na uweke za soko lako. Ubuyu kilo 2 kwa shilingi 3,000 ni 6,000. Sukari kilo 1 ni 3,000. Rangi, iliki, vanila, chumvi na pilipili, gawio la fungu moja, 1,500. Gesi 500. Vifuko 1,000. Jumla 12,000. Maji mengi ya shira huishia hewani, kwa hiyo kinachobaki sinia ni karibu kilo 3.

Kilo 3 zikigawanywa gramu 30 kwa kifuko ni vifuko 100. Kila kimoja kinauzwa kwa mlaji shilingi 200, na mwenye duka anakichukua kwako kwa 150 ili naye apate chake. Ukiviuza vyote dukani unapata 15,000, faida 3,000. Ukiuza 40 mwenyewe kwa watu unaowafahamu na 60 dukani, unapata 17,000, faida 5,000.

Sasa tazama mkono unaopima. Dada mmoja wa Mbagala, ambaye nilimkuta akifunga ubuyu wake juu ya meza ndogo iliyokaa kati ya kitanda na kabati, alikuwa akijaza kwa kijiko cha chakula, viwili kila kifuko, na huku akiongeza kidogo "ili mteja afurahi". Tulivipima vifuko vyake kwenye mizani ya jikoni. Vingi vilikuwa na gramu 35. Gramu tano hizo hazionekani kwa macho na mteja hawezi kuzisema. Lakini kilo 3 kwa gramu 35 ni vifuko 85, na 85 kwa 150 ni 12,750. Faida yake ya 3,000 ilikuwa 750. Kwa miezi alikuwa akiamini kwamba wenye maduka wanamkandamiza bei.

Alinunua mizani ile, akatafuta kikopo cha dawa kilichooshwa vizuri, akakikata hadi kikaingiza gramu 30 kikisawazishwa juu kwa kisu. Tangu hapo anachota kwa kikopo na kupima kifuko kimoja katika kila kumi. Namna yake ya kufunga ni ile inayotumiwa na wauza karanga wengi: anakunja mdomo wa kifuko juu ya kipande cha msumeno wa chuma, anaacha ncha ndogo ya plastiki itokeze, anaipitisha mara moja kwenye mwali wa mshumaa. Ncha inayeyuka na kushikana. Akichelewesha mkono, plastiki inatoboka. Akiwahi sana, kifuko kinavuja hewa. Anavijaribu kwa kubinya karibu na sikio. Kinachotoa pumzi kinarudi mezani.

Kutoka kila fungu huchukua kifuko kimoja, akaandika tarehe juu yake na kukiweka kwenye kopo lake peke yake. Hakiuzi. Mwenye duka akilalamika kuwa ubuyu umelowa, anakwenda kutazama kile cha tarehe hiyohiyo. Kama chake nacho kimelowa, kosa ni la shira au la kufunga. Kama kikavu, duka liliuning'iniza ubuyu juani. Kabla ya hapo alikuwa akibadilisha vifuko bila kujua anabadilisha kwa sababu gani.

Bei ya sukari ndiyo inayoweza kuivuruga hesabu hii kwa wiki moja. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika nchini na bei ikapanda sana. Kwenye fungu letu, kila shilingi 1,000 inayoongezeka kwenye kilo ya sukari inakula 1,000 ya faida yako, na huwezi kupandisha kifuko kutoka 200 hadi 210. Sarafu hairuhusu. Unachoweza ni kupunguza hadi gramu 27, na vifuko vitakuwa 111. Wapo wanaopunguza sukari badala ya gramu, na hao hupoteza zaidi, kwa sababu shira haitoshi na ubuyu unabaki na madoa meupe.

Mahali pa kuuzia, anza na maduka matatu, si kumi. Wenye maduka watataka mali kauli, yaani unaacha mzigo na unalipwa ukishauzwa. Hakuna ubaya, mradi usiache zaidi ya vifuko 20 kwa duka moja na usiache vingine kabla vya kwanza havijalipwa. Duka linalokudai subira kila Jumamosi liache mapema, kwa maana vifuko 60 vilivyolala kauli ni 9,000, na hiyo ni robo tatu ya mtaji wa fungu zima. Oda za simu ni nzuri zaidi zikipatikana. Makopo ya nusu kilo kwa 4,500 yakitoka sita kwenye fungu moja ni 27,000. Ukitoa vifuko kwenye gharama na kuongeza makopo ya 500 kila moja, umetumia 14,000 na umebaki na 13,000. Lakini kopo hununuliwa na mtu wa ofisini, au mwenye shughuli, na hao huagiza mwisho wa mwezi. Vifuko vya 200 ndivyo vinavyozunguka Jumatatu hadi Jumapili.

Kabla ya kupika mara ya kwanza, mwenye nyumba ajue. Wengi huficha, kisha harufu ya iliki inawaumbua na jambo dogo linageuka utovu wa adabu. Yule dada wa Mbagala alikwenda kwa mama mwenye nyumba wake jioni, akamkuta barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna tatizo la maji tena?"

"Hapana mama. Nataka kupika ubuyu wa biashara, mara mbili kwa wiki. Kwenye gesi yangu, nusu saa tu."

"Na hao wateja watakaokuja kuniamshia wajukuu?"

"Hawaji hapa. Napeleka mwenyewe madukani."

"Na mbegu? Watoto wa hapa wakipata ubuyu, korido yote ni mbegu."

Kuhusu mbegu hakuwa na jibu. Siku iliyofuata alinunua ndoo ndogo ya taka, akaiweka mlangoni mwake, na akawaambia watoto wa nyumba ile kwamba atakayetema mbegu ndani ya ndoo atapata makombo ya sinia kila siku ya kupika. Mama mwenye nyumba hakulisema tena.

Hifadhi inataka nidhamu yake. Ndoo ya lita 20 inaingiza kilo 10 hivi za ubuyu mkavu, nayo inakaa uvunguni ikiwa juu ya vipande viwili vya mbao, isiguse sakafu. Mfuniko ubane, kwa sababu sisimizi hupita penye nafasi ya uzi. Dawa ya mbu ya kupulizia, sabuni ya unga, mafuta ya taa na viatu vikae upande mwingine wa chumba. Ubuyu uliopikwa usivuke wiki mbili kwako. Kwa hiyo hata wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ndoo mbili za ubuyu mbichi zinatosha. Gunia zima ndani ya chumba unacholala ni kuwaalika panya.

Na kuna ukomo ambao ni heri kuujua mapema. Mapishi mawili kwa wiki, kwa faida ya 5,000, ni kama 40,000 kwa mwezi, fedha inayokaribia kodi ya chumba kimoja pembezoni mwa jiji. Mapishi manne yanawezekana. Zaidi ya hapo sinia hazina pa kukaukia isipokuwa juu ya kitanda. Na ukitaka kuingia kwenye maduka makubwa utahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo pia linalosimamia usalama wa chakula. Wakaguzi huangalia mahali chakula kinapotengenezwa, na chumba cha kulala hakifai kwa hilo. Njia ya mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, lenye ofisi katika mikoa. Barua yake ya utambulisho humsaidia kupunguziwa gharama za TBS katika miaka ya mwanzo, na maofisa wake humweleza jinsi ya kupata sehemu ya kuzalishia pamoja na wengine. Ni vyema kwenda huko ukiwa na daftari la mapishi: tarehe, kilo, bei ya sukari siku hiyo, idadi ya vifuko na vilivyorudi. Mapishi ya miezi mitatu yaliyoandikwa hivyo yatamwonyesha ofisa, na wewe mwenyewe, kama faida inatosha kulipia kodi ya mahali pa pili.